Jinsi ya kuandika mpango wa kuboresha utendaji: malengo, sapoti na tarehe

Kosa ninaloliona sana kwenye hizi fomu, anazopewa mfanyakazi ambaye kazi yake haijafika kiwango, ni sentensi kama "anatakiwa aongeze bidii na awajibu wateja haraka." Haraka ni lini? Siku ya mwisho meneja atasema hajafika, mfanyakazi atasema amefika, na hakuna karatasi ya kuwaamua.

Tuchukue mtu wa huduma kwa wateja anayechelewa kujibu malalamiko. Kabla hujaandika lengo toa ripoti ya wiki 4 zilizopita kwenye mfumo. Tuseme alipokea 120, ndani ya saa 24 akajibu 66, yani asilimia 55, na timu nzima inatakiwa ifikie asilimia 85. Andika namba zote mbili, maana ukimwekea yeye peke yake 95 huo sio mpango tena ni mtego. Halafu lengo liwe hivi:

"Kufikia 24 Aprili 2026, ajibu angalau asilimia 85 ya malalamiko ndani ya saa 24, kwa ripoti ya mfumo ya wiki 2 za mwisho. Yanayosubiri jibu la stoo hayahesabiwi."

Hayo maneno ya wiki 2 za mwisho usiyaache, ukipiga wastani tangu siku ya kwanza ule uchelewaji wa mwanzoni utamvuta chini hata kama sasa hivi anafanya vizuri kabisa. Na kwa vile anapokea kama 60 kwa wiki 2, mwambie wazi kwamba 85 ni majibu 51, mtu anaelewa zaidi. Ya stoo yatoe kwa sababu hayako mikononi mwake.

Kwenye sapoti ndo watu wanaandika "atasaidiwa inapobidi", na hiyo ni sawa na kutoandika kitu. Weka nani, nini, lini: "Msimamizi wake atakaa naye kila Jumanne saa 4 hadi saa 5 asubuhi kupitia majibu 5 yaliyochelewa. Violezo vya majibu atapewa kabla ya 6 Machi." Kikao kikikosekana andika nani hakutokea, maana kama ni msimamizi aliyekosa vikao vitatu, huwezi kumpima huyu kana kwamba alisaidiwa.

Tarehe za mapitio ziandikwe kabisa, sio "kila baada ya muda". Mpango ukianza Jumatatu 2 Machi: mapitio 13 Machi (asilimia 65), 27 Machi (75), na la mwisho 24 Aprili (85). Kila pitio lina namba yake, hivyo akikwama mnajua wiki ya pili, sio ya nane.

Mwisho andika nini kitafuata akifika, akikaribia, asipofika. Achiwe nafasi ya maoni yake, na juu ya sahihi uweke: "Sahihi inaonyesha nimepokea na kusoma, si kwamba nakubaliana na yote." Bila hiyo wengi wanagoma kusaini, na mimi siwalaumu.