Jinsi ya kusoma uwezekano wa kushinda ulioandikwa kwenye kadi ya kukwangua

Geuza kadi ya kukwangua ya bahati nasibu na mara nyingi utakuta nyuma, kwa maandishi madogo, mstari kama huu: "Uwezekano wa kushinda ni 1 kati ya 4." Kwa kawaida mstari huo ni wa kweli. Ila unajibu swali ambalo mnunuzi hakuliuliza. Yeye anawaza zile pesa nyingi zilizochorwa mbele ya kadi, na mstari unazungumzia zawadi yoyote ile, hata ya kurudishiwa bei ya kadi na kuondoka ulivyokuja.

Nimezoea kuzipitia kadi hizi nikiwa na kikokotoo mkononi. Hesabu yake haizidi kugawanya, kujumlisha na kutoa.

Hatua ya 1: Tafuta jedwali la zawadi

Mstari mmoja wa nyuma hautoshi. Unachotaka ni jedwali linaloonyesha kila zawadi na idadi ya kadi zinazoibeba, au uwezekano wa kila zawadi peke yake. Mara nyingi haliko kwenye kadi. Liangalie kwenye kanuni za mchezo, au kwenye tovuti ya wanaouendesha. Ukilikosa kabisa, utajua uwezekano wa kushinda kitu fulani, lakini hutajua ni kitu gani.

Tutumie mfano wa kubuni, namba zikiwa nyepesi. Toleo lina kadi 1,000,000, na kila kadi inauzwa 100.

- Zawadi ya 100: kadi 150,000
- Zawadi ya 200: kadi 70,000
- Zawadi ya 500: kadi 25,000
- Zawadi ya 1,000: kadi 4,500
- Zawadi ya 10,000: kadi 490
- Zawadi ya 1,000,000: kadi 10

Jumlisha kadi zote zenye zawadi, utapata 250,000. Milioni moja ukiigawa kwa hizo unapata 4, na ndiyo ile "1 kati ya 4" ya nyuma ya kadi. Hakuna aliyedanganya.

Hatua ya 2: Toa zawadi zinazorudisha bei tu

Angalia mstari wa kwanza wa jedwali. Kadi 150,000 kati ya 250,000 zenye zawadi zinakurudishia 100 uliyotoa. Yaani katika kila washindi 10, 6 hawakupata hata senti ya ziada. Kwenye hesabu za mchezo wanaitwa washindi, na wengi wao hununua kadi nyingine papo hapo kwa pesa ileile.

Ukiziondoa hizo zinabaki kadi 100,000 zinazolipa zaidi ya bei yake. Uwezekano wa kupata faida, basi, ni 1 kati ya 10.

Jedwali likiwa halina idadi ya kadi bali uwezekano tu, kwa mfano "zawadi ya 100: 1 kati ya 6.67", usitoe namba hizo moja kwa moja. Wengi hukosea hapa: huchukua 4 na 6.67 wakazitoa au kutafuta wastani wake, na jibu linalotoka halina maana. Geuza kwanza kila moja iwe sehemu, ndipo utoe:

```
1 ÷ 4 = 0.25
1 ÷ 6.67 = 0.15
0.25 - 0.15 = 0.10
1 ÷ 0.10 = 10
```

Njia hiyohiyo hutumika kuunganisha zawadi mbili au tatu, ila hapo unajumlisha badala ya kutoa.

Hatua ya 3: Amua mwenyewe zawadi kubwa ni ipi, kisha ihesabu peke yake

Kadi haikuambii "kubwa" inaanzia wapi. Tuseme kwako ni 10,000 na kuendelea. Kadi za namna hiyo ni 490 na 10, jumla 500. Uwezekano ni 1 kati ya 2,000. Ile milioni peke yake ni 1 kati ya 100,000.

Sasa ziweke pamoja: 4, 10, 2,000, 100,000. Kadi ni ileile, toleo ni lilelile. Hata ukishajua kwamba kadi uliyoshika ina zawadi, bado ni kadi 1 tu kati ya 25,000 zenye zawadi inayobeba milioni. Ndiyo maana kushinda mara kwa mara zawadi ndogo si dalili kwamba kubwa inakaribia.

Na "1 kati ya 4" haina maana kwamba ukinunua 4 lazima moja ishinde. Ni wastani wa toleo zima. Uwezekano wa kadi 4 zote kutoka tupu ni 0.75 × 0.75 × 0.75 × 0.75, karibu asilimia 32. Kwa hiyo karibu mtu mmoja katika kila watatu wanaonunua 4 hukwangua zote bila kupata chochote.

Hatua ya 4: Pima malipo, ukiitenga zawadi kuu

Zidisha kila zawadi kwa idadi ya kadi zake, ujumlishe. Katika mfano wetu zawadi zote zinafika 60,900,000, na mauzo ya toleo zima ni 100,000,000. Kadi ya 100, kwa wastani, inarudisha 60.9.

Wastani huo una hila. Ndani yake mna milioni 10 zinazokwenda kwa watu wasiozidi 10. Toa milioni hizo, toa na zawadi za 10,000, zinabaki 46,000,000, sawa na 46 kwa kadi. Mtu akinunua kadi 20 atatoa 2,000, na asipoangukia zawadi kubwa, kama ilivyo kwa karibu kila mnunuzi, atarajie kurudishiwa 920 hivi. Mimi namba hii naiamini kuliko asilimia ya malipo inayotangazwa, kwa sababu ndiyo inayofanana na yanayompata mnunuzi wa kawaida.

Hatua ya 5: Angalia zawadi zilizobaki

Uwezekano uliochapwa ni wa siku toleo linaanza kuuzwa. Kadi zikishauzwa haubadiliki kwenye karatasi, ila hali halisi inabadilika. Tuseme kadi 600,000 zimeuzwa na zawadi kuu 9 kati ya 10 zimeshatoka. Zimebaki kadi 400,000 na milioni moja tu: 1 kati ya 400,000, mara nne mbaya zaidi ya ulichosoma. Wakati huohuo uwezekano wa kushinda zawadi yoyote bado uko karibu 1 kati ya 4, kwa kuwa zawadi ndogo ni nyingi na hupungua pamoja na kadi zenyewe. Ukiangalia washindi wa kaunta tu hutagundua chochote.

Baadhi ya wanaoendesha michezo hii hutoa orodha ya zawadi zilizobaki, lakini kwa kawaida hawaonyeshi kadi ngapi hazijauzwa. Unaweza kukadiria kwa kutumia zawadi ya kati, kama ile ya 1,000. Ikiwa 2,700 kati ya 4,500 zimelipwa, hiyo ni asilimia 60, basi huenda karibu asilimia 60 ya kadi zimeshauzwa. Usitumie zawadi ya 100 kwa makadirio haya, maana watu wengi huitupa au huchelewa kuidai.

Tahadhari hiyohiyo ihusu zawadi kuu. "Imebaki 1" maana yake haijadaiwa. Inawezekana kadi hiyo imeshanunuliwa na iko mfukoni mwa mtu ambaye bado hajaikwangua.