Cheti cha uhasibu kitajilipa? Piga hesabu kabla ya kujisajili

Wahasibu wanaponiuliza kama waanze ACCA, huwa tunafungua Excel kwanza. Kipimo ni mshahara wako wa mwezi mmoja wa sasa, baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Takwimu zifuatazo ni za mfano, weka zako.

Hatua ya 1: Gharama. ACCA ina mitihani 13, ingawa shahada inaweza kukupunguzia baadhi, na inadai miezi 36 ya uzoefu kazini. Jumlisha usajili, mitihani na masomo. Tuseme ni mishahara 1.5 kwa mwaka, kwa miaka 4. Baada ya hapo kuna ada ya uanachama, ambayo wengi huisahau: 0.2 kila mwaka.

Hatua ya 2: Nyongeza. Hapa ndipo watu hujidanganya. Wanalinganisha mshahara wa meneja mwenye cheti na wao walivyo leo, ilhali wangepanda cheo kwa vyovyote. Mlinganishe mwenye cheti na asiye nacho, wenye cheo kimoja na miaka sawa ya kazi. Tukipata tofauti ya asilimia 10, hiyo ni mishahara 1.2 kwa mwaka. Kodi ikichukua robo inabaki 0.9, ukitoa uanachama, 0.7.

Hatua ya 3: Thamani ya leo. Pesa ya miaka 20 ijayo haina uzito wa pesa ya leo, kwa hiyo tunaipunguza kwa asilimia 5 kwa mwaka. Aliyebakiza miaka 30 ya kazi atafaidi miaka 26:

```
=PV(5%,26,-0.7)/1.05^4
=PV(5%,4,-1.5)
```

Ya kwanza, ya nyongeza, inatoa 8.28; ya pili, ya gharama, 5.32. Faida ni karibu mishahara 3 tu kwa maisha yote ya kazi, na jioni zako za kusoma hatujazitia bei. Aliyebakiza miaka 15 aandike 11 badala ya 26: atapata 4.78, yaani hasara.

Hatua ya 4: Uwezekano wa kumaliza. Anayeacha baada ya miaka 2 amepoteza 2.79 bila nyongeza yoyote. Ukijipa asilimia 60 ya kumaliza, faida inayotarajiwa inashuka hadi takriban 0.66. Ndiyo maana namshauri mtu ajaribu kwanza mtihani mmoja mgumu huku akifanya kazi. Akiufeli mara kwa mara, arudi kwenye hatua hii na kushusha asilimia.

Kwa cheti cha PMP cha usimamizi wa miradi, mtaji ni mdogo na masomo ni mafupi, ila kila miaka 3 unahitaji PDU 60, yaani vipimo vya mafunzo endelevu, ili kukihuisha. CCRN ya wauguzi wa wagonjwa mahututi nayo huhuishwa kila miaka 3. Muuguzi aulize kwanza ofisi ya utumishi kama cheti hicho kina posho yake. Kama hakina, nyongeza aandike sifuri, kisha aulize kama bila cheti angeweza kuhamia wodi anayoitaka.