Kriatini: Jinsi ya kupanga seti na marudio ili uone inapofanya kazi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ananyanyua vyuma kwa ratiba isiyobadilika. Nimeuandika baada ya kumsaidia kijana ninayemfundisha, ambaye alikuwa akitumia kriatini, kirutubisho cha wanaofanya mazoezi, huku akijipima kwa uzito mkubwa anaoweza kuunyanyua mara moja tu, na kwa kuwa kipimo hicho kilisogea polepole, akataka kuiacha.

Hatua ya kwanza: dozi. Nunua kriatini monohaidreti ya unga, isiyochanganywa na chochote; aina nyingine zinazouzwa kwa bei ya juu hazijaonyesha kuishinda. Kunywa gramu 3 hadi 5 kila siku, zikiwemo siku za mapumziko. Ukifuata njia hii misuli hujaa kriatini baada ya takriban wiki nne. Ukiwa na haraka, gramu 20 kwa siku zilizogawanywa mara nne huijaza ndani ya siku 5 hadi 7, ingawa baadhi ya watu huharisha. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Hatua ya pili: chagua idadi ya marudio. Msuli unaosukuma kwa nguvu zote hutegemea fosfokriatini, akiba inayorudisha haraka ATP, nishati ambayo msuli huitumia moja kwa moja, na ambayo hupungua sana ndani ya sekunde kumi hivi. Unapopumzika akiba hiyo hujengeka upya: takriban nusu yake hurudi ndani ya sekunde 30 hivi, na iliyobaki huchukua dakika kadhaa. Kriatini huongeza akiba yenyewe, kwa hiyo faida yake huonekana zaidi pale unapoimaliza, ukapumzika kidogo, kisha ukaimaliza tena.

Kwa sababu hiyo mimi hupendelea seti nne za marudio 6 hadi 12, kwa mapumziko ya dakika mbili. Programu ya nguvu, yenye marudio mawili au matatu na mapumziko ya dakika tano, hukupa muda wa kutosha wa kurejesha akiba hata bila kriatini. Nguvu huongezeka huko pia, lakini huja kwa miezi, kwa kuwa umeweza kufanya kazi nyingi zaidi mazoezini. Seti za marudio 25 na kuendelea hutegemea zaidi uchomaji wa sukari, na kinachokusimamisha ni uchovu wa aina nyingine. Mkimbiaji wa masafa marefu hapati mengi, na huenda akabeba kilo moja au mbili za maji yanayoingia ndani ya misuli.

Hatua ya tatu: pima kabla ya kuanza. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Chagua zoezi moja, kwa mfano kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, na uzito mmoja ambao hutaubadilisha. Fanya kila seti hadi rudio la mwisho unaloweza kulimaliza kwa umbo sahihi, huku mwenzako akisimama karibu kukusaidia. Pima mapumziko kwa saa, kwa sababu anayepumzika dakika mbili leo na dakika tatu na nusu wiki ijayo ataongeza marudio bila kunywa chochote, kisha kriatini ipewe sifa isiyo yake. Rudia kipimo hiki kwa wiki tatu kabla ya dozi ya kwanza, saa ileile ya siku, na usikifanye baada ya usiku wa kukesha. Ikiwa jumla ya marudio inapanda kila wiki hata kabla ya dozi, bado uko katika kipindi ambacho mwili wa mwanafunzi mpya huongezeka nguvu kwa mazoezi peke yake, na kipimo hakitakuambia lolote, subiri.

Kijana wangu alitumia kilo 60. Kumbukumbu zake za wiki tatu kabla ya dozi ya kwanza zilionyesha jumla iliyokaa karibu na 30: marudio 11, kisha 8, 6 na 5. Misuli ilipokuwa imejaa alipata 11, 9, 8 na 6, yaani 34. Seti ya kwanza haikusogea, na kama angeiangalia hiyo pekee angesema amepoteza fedha. Ongezeko lote lilikuwa katika seti tatu zilizofuata, ambako akiba ilikuwa ikihitajika kabla haijarudi kikamilifu.

Rudio moja la ziada katika siku moja si ushahidi. Tafuta ongezeko linalorudi wiki baada ya wiki katika seti za mwisho.

Hatua ya nne: tumia marudio uliyoyapata. Ukishamaliza kupima, seti ya mwisho ikifika marudio 8, ongeza kilo mbili na nusu. Usipoongeza kazi mazoezini, kriatini peke yake haitakujengea msuli.

Usipoona tofauti baada ya wiki sita, huenda misuli yako ilikuwa na kriatini nyingi tangu awali, jambo linalowapata zaidi walaji wa nyama na samaki kwa wingi. Wasiokula nyama kwa kawaida huona mabadiliko makubwa zaidi. Na ukipimwa damu, mwambie daktari kwamba unatumia kriatini, kwani kreatinini, taka ya mwili inayotumika kupima afya ya figo, inaweza kupanda kidogo bila figo kuwa na tatizo.