Kuchagua moduli na upana wa meno ya gia ya mashine ya kukamua alizeti

Jino la gia likivunjika, karakana nyingi za Dodoma huchonga gia nyingine ya kipimo kile kile, kana kwamba kosa lilikuwa la chuma peke yake. Hapa tutakokotoa kipimo chenyewe kwa gia ndogo ya meno yaliyonyooka, yenye pembe ya mgandamizo ya nyuzi 20 na meno 20, inayozunguka mara 300 kwa dakika na kupokea kilowati 5.5.

Hatua ya 1: tafuta torki. Zidisha 9550 kwa kilowati, kisha gawanya kwa mizunguko. Utapata takriban Nm 175, yaani N·mm 175,000.

Hatua ya 2: ongeza mzigo wa ziada. Mbegu hazikamuliki kwa utulivu, hasa zikiingia na maganda mengi, kwa hiyo ninazidisha torki kwa 1.5. Kwa meno yaliyochongwa kwa mashine ya kawaida ninazidisha tena kwa 1.2 kwa ajili ya mwendo, hivyo K ni 1.8.

Hatua ya 3: kokotoa moduli, yaani kipenyo cha gia kwa milimita kikigawanywa kwa idadi ya meno. Jino hupinda kama ubao uliopachikwa ukutani kwa ncha moja, na mkazo mkubwa hukaa kwenye shina lake. Tukianza na upana wa mara 10 ya moduli:

```
m^3 = 2*T*K / (10*z*Y*S)
```

Hapa m ni moduli, T ni torki kwa N·mm na z ni idadi ya meno. Y ni namba ya umbo la jino, ambayo kwa meno 20 ni 0.322. S ni mkazo unaoruhusiwa. Kwa chuma cha kaboni ya kati kisichopikwa, mimi huchukua N/mm² 140. Jibu ni mm 4.12, na kwa kuwa visu vya kuchongea huuzwa kwa moduli maalumu, tunabaki na 4 au 5.

Hatua ya 4: amua upana.

```
b = 2*T*K / (m^2*z*Y*S)
```

Moduli 4 inadai upana wa mm 44, ilhali moduli 5, hata K ikipanda hadi 1.9 kwa kuwa gia imekuwa kubwa, inadai mm 30 tu. Ikiwa beringi zimechakaa au shafti hazikulingana, ninachagua moduli 5 na kuipa upana wa mm 40, kwa sababu hesabu hudhani kwamba mzigo umeenea jino zima, wakati gia pana kwenye shafti iliyopinda hubeba mzigo pembeni tu. Hakikisha kwanza kwamba umbali kati ya shafti unaweza kubadilishwa, kwani kipenyo cha gia ndogo kitatoka mm 80 hadi mm 100.

Hatua ya 5: kagua mguso. Paka rangi nyembamba kwenye meno, zungusha kwa mkono, kisha tazama alama. Ikiwa rangi imefutika upande mmoja tu, nyoosha shafti kabla ya kuongeza upana. Kwenye jino lililokwisha kuvunjika, sehemu laini yenye mistari ya mawimbi inayoanzia shinani huonyesha uchovu wa chuma, na sehemu yote ikiwa ya chenga huonyesha mzigo wa ghafla, kwa mfano jiwe lililopita na mbegu. Vishimo kwenye uso wa jino ni tatizo jingine, linalotegemea zaidi kipenyo, upana na ugumu wa uso, na kuongeza moduli bila kubadili kipenyo hakuviondoi.