Jaribio la pamyutesheni hatua kwa hatua: unachanganya lebo za nini hasa?

Wiki iliyopita nimekaa na rafiki yangu karibu siku nzima tukihangaika na thamani ya p iliyokuwa nzuri kupita kiasi, na kosa halikuwa kwenye hesabu, lilikuwa kwenye kitu alichokuwa anakichanganya. Mimi mwenyewe kosa hilo liliwahi kunila siku mbili, ndo maana naandika. Hatua zingine nitazipitia haraka, hatua ya 4 ndo kazi yenyewe.

Data tutakayotumia nimeirahisisha kutoka kwenye yake ili namba zisomeke vizuri. Kuna trei 6 za miche, kila trei ina miche 5. Trei 3 zimechaguliwa kwa nasibu zikapewa mbolea mpya, 3 zilizobaki zikapewa ya zamani. Baada ya muda unapima kimo cha kila mche kwa sentimita. Wastani wa trei za mbolea mpya ni 21, 24 na 27, za mbolea ya zamani ni 18, 20 na 22. Kwa hiyo upande mmoja wastani ni 24, mwingine 20, tofauti ni sentimita 4. Swali: bahati tu ya kugawa trei ingeweza kuleta tofauti kama hii?

Hatua ya 1: Chagua kipimo

Tofauti ya wastani inatosha. Amua kabla ya kuangalia matokeo, na tumia thamani kamili (bila alama ya kutoa) kama ungeshtuka pia kuona mbolea mpya inadumaza miche. Kwenye kazi nyingi ungeshtuka, kwa hiyo pande mbili.

Hatua ya 2: Ingiza data

Natumia Python na numpy, na naandika kitanzi mwenyewe. Kuna fanksheni za kufanya yote kwa mstari mmoja ila kwa mtu anayejifunza sizipendi kabisa, kwa sababu zinakuficha kitu kimoja unachotakiwa kukiamua wewe, yaani nini kinachanganywa. Spredishiti ndo usijaribu, ukipanga safu moja ukasahau nyingine data yote imeharibika na unaweza usigundue.

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)

wastani_trei = [21, 24, 27, 18, 20, 22]
kimo = np.repeat(wastani_trei, 5) + np.tile([-2, -1, 0, 1, 2], 6)
kundi = np.repeat([1, 0], 15)   # 1 = mbolea mpya
```

Hatua ya 3: Changanya

Wazo ni hili. Kama mbolea haina athari yoyote, basi mche uliofika sentimita 23 ungefika 23 hata ungepewa ile nyingine, lebo "mpya" na "zamani" ni maandishi tu. Kwa hiyo vimo unaviacha vilivyo, lebo unazichanganya, unapiga tofauti upya, unarudia mara nyingi, alafu unahesabu ni mara ngapi tofauti ya kuchanganya imefikia au kuipita ile halisi.

```python
def tofauti(g):
    return abs(kimo[g == 1].mean() - kimo[g == 0].mean())

halisi = tofauti(kundi)
B = 9999
n = sum(tofauti(rng.permutation(kundi)) >= halisi - 1e-9
        for _ in range(B))
p = (n + 1) / (B + 1)
```

Vitu viwili hapo watu huwa wanavifuta wakidhani havina maana. Ile + 1 juu na chini ni kwa sababu mpangilio halisi nao ni mmoja wa mipangilio inayowezekana, ukiuacha nje unaweza kupata p = 0, na p haiwezi kuwa 0 wakati mpangilio uliotokea umeshatokea mbele ya macho yako. Na ile 1e-9 ni kwa sababu kompyuta inazungusha desimali, wastani uleule ukipigwa kwa mpangilio mwingine wa namba unaweza kutoka mdogo kwa kipande kisichoonekana, ukashindwa kuhesabiwa kuwa sawa na wa halisi. Data ikiwa kubwa hutaona kitu, ikiwa ndogo p inahama kweli.

Ukiendesha hii unapata p chini ya 0.001. Rafiki yangu alikuwa ameishia hapa na alikuwa anaandika ripoti.

Hatua ya 4: Simama, jiulize nini kiligawiwa kwa nasibu

Soma tena maelezo ya data. Mbolea iligawiwa kwa trei, haikugawiwa kwa mche mmoja mmoja. Hakuna siku ambayo mche wa tatu kwenye trei ya kwanza ungeweza kupewa mbolea ya zamani huku wenzake wanne wa trei hiyohiyo wamepewa mpya. Lakini msimbo wetu wa hatua ya 3 unachanganya lebo 30 za miche, yaani unatengeneza maelfu ya mipangilio ambayo kwenye jaribio lenyewe haikuwezekana.

Kwa nini hiyo inaharibu? Miche ya trei moja inashiriki udongo uleule, maji yaleyale, mwanga uleule. Angalia data, ndani ya trei miche inapishana sentimita 4 tu kutoka mfupi hadi mrefu, wakati wastani wa trei kwa trei unatoka 18 hadi 27. Ukichanganya mche mmoja mmoja unavunja huo undugu, kila kundi la bandia linapata miche kidogo kutoka karibu kila trei, kwa hiyo wastani wa makundi mawili unakuwa karibu sawa kila ukirudia. Kwenye data hii tofauti za kuchanganya miche zinatawanyika kwa mchepuko sanifu wa takriban 1.2, ukichanganya trei nzima zinatawanyika kwa takriban 2.6. Tofauti yetu ya 4 ukiiweka pembeni ya 1.2 inaonekana ya ajabu sana, pembeni ya 2.6 ni ya kawaida.

Kinachotakiwa kuchanganywa ni lebo za trei. Na trei zikiwa 6, kuchagua 3 kuna njia 20 tu, kwa hiyo hapo huhitaji nasibu, piga zote:

```python
from itertools import combinations

w = kimo.reshape(6, 5).mean(axis=1)
zote = []
for c in combinations(range(6), 3):
    m = np.isin(np.arange(6), c)
    zote.append(abs(w[m].mean() - w[~m].mean()))
p = np.mean(np.array(zote) >= halisi - 1e-9)
```

Hapa hakuna + 1 kwa sababu mpangilio halisi umo tayari ndani ya zile 20. Unaweza kuhakiki hata kwa kalamu. Jumla ya wastani za trei sita ni 132, upande wa mbolea mpya una 72. Tofauti ikifika 4 maana yake upande mmoja umefika 72 au zaidi. Trei tatu za kufika hapo ni 27+24+22 ambazo ni 73, na 27+24+21 ambazo ni 72, basi, 27+24+20 tayari ni 71. Njia mbili hizo, na kila moja ina kioo chake upande wa pili, jumla njia 4 kati ya 20. p = 0.2.

Data ileile, kimo kilekile, ya kwanza chini ya 0.001 na ya pili 0.2.

Alinibishia, na alikuwa na haki ya kubisha, kwamba labda njia ya trei ndo imezidi ukali. Sasa kuna namna ya kuangalia na naipendekeza kwa kila mtu mwenye wasiwasi kama huu. Tuseme mbolea haina athari kabisa. Basi vimo vingekuwa hivihivi kwenye migao yote 20 ya trei. Chukua kila mgao ujifanye ndo uliotokea, alafu uendeshee ule msimbo wa kuchanganya miche. Njia nzuri ikitumia kizingiti cha 0.05 inatakiwa isipige kelele kwenye zaidi ya mgao mmoja kati ya 20. Kuchanganya miche kunapiga kelele kwenye migao 8. Nane! Yaani asilimia 40 ya wakati unatangaza mbolea inafanya kazi wakati haifanyi. Tulipoona hiyo namba mjadala ukaisha.

Tahadhari zinazoendana na hatua hii, kwa sababu haziishii kwenye trei:

Ukimpima mtu mmoja mara kumi, kinachochanganywa ni mtu, sio vipimo. Ukigawa madarasa, changanya madarasa. Kama trei zingepangwa kwa jozi, kila meza ina moja ya mpya na moja ya zamani, basi unachanganya ndani ya meza tu, unageuza au hugeuzi, na meza 3 zinakupa mipangilio 8 peke yake.

Na kama trei hazina idadi sawa ya miche (mingine imekufa), changanya trei bado, ila tumia wastani wa kila trei kama nilivyofanya juu, usimwage miche yote pamoja, maana trei yenye miche mingi itavuta wastani. Alafu kama miche imekufa zaidi upande mmoja, hilo ni tatizo jingine na kuchanganya hakulitibu.

Hatua ya 5: Angalia sakafu ya p

Hii ifanye kabla ya kupanda chochote. Kwa trei 3 kwa 3 kuna migao 20, na kwa pande mbili mgao uliokithiri kuliko yote una kioo chake, kwa hiyo p ndogo kabisa inayowezekana ni 2/20, yaani 0.1. Hata mbolea mpya ingezaa miche mirefu mara mbili, usingeshuka chini ya 0.05. Trei 4 kwa 4 ni migao 70, sakafu inashuka hadi karibu 0.029. Hiyo 70 ndo ileile ya mfano maarufu wa Fisher wa 1935, vikombe 8 vya chai ambavyo 4 vimetangulizwa maziwa, ila pale swali lilikuwa la upande mmoja kwa hiyo kupatia vyote ni 1/70. Trei 5 kwa 5 ni migao 252, sakafu 0.008.

Kuongeza miche ndani ya trei hakushushi sakafu hata kidogo. Unaufanya wastani wa trei uwe sahihi zaidi, basi. Ukiwa na nafasi ya miche 30, trei 10 za miche 3 zinakusaidia kuliko trei 6 za miche 5.

Hatua ya 6: Andika

Taja ulichochanganya, ni mipangilio mingapi, kipimo na pande. Kwa data hii: "Lebo za mbolea zilipangwa upya kwa ngazi ya trei, mipangilio yote 20; tofauti ya wastani sm 4, p = 0.2, pande mbili." Ukitumia nasibu badala ya kupiga zote, taja pia B na ile 7 iliyo kwenye default_rng ili mwingine apate namba yako. Rafiki yangu ameandika hivyo, na sakafu ya 0.1 ameitaja kwenye sentensi inayofuata, na trei 10 anaanza kuzijaza udongo wiki ijayo.