Somo: Tangazo moja, kampuni nyingi, siku ileile – usidanganywe na t

Naandika hili ili swali la "t yangu ni kubwa, mbona msimamizi kaikataa?" liwe na pa kuelekezwa. Tunapima kama tangazo lilisogeza bei za hisa kuliko kawaida; t ni ukubwa wa athari hiyo ukigawanywa kwa kosa lake sanifu.

1. Siku 0 ni siku ya kwanza ambayo soko liliweza kuitikia. Tangazo likitoka soko limeshafungwa, hesabu siku ya biashara inayofuata.

2. Kwa siku -250 hadi -30, fanya regresheni ya marejesho ya hisa dhidi ya marejesho ya faharasa ya soko. Hapo unapata marejesho ya kawaida.

3. Marejesho halisi toa yaliyotabiriwa; kinachobaki ndiyo mabaki. Jumlisha siku -1 hadi +1.

4. Jaribio. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Tuseme kanuni mpya imetangazwa na kugusa benki 20 kwa pamoja. Mabaki ya kila benki yana mkengeuko sanifu wa 2% kwa siku, na wastani wa jumla ya siku 3 ni 1.8%. Ukizichukulia benki kana kwamba hazihusiani, kosa sanifu ni 2 × √3 ÷ √20, yaani 0.77%, na t ni 2.3. Unashangilia bure. Benki hupanda na kushuka pamoja hata baada ya kuondoa athari ya soko zima. Korilesheni ya mabaki yao ikiwa 0.15 tu, varianzi ya wastani inazidishwa kwa 1 + 19 × 0.15 = 3.85. Kosa sanifu linakuwa 1.52% na t inashuka hadi 1.2.

Dawa ni kuzifanya benki zote kapu moja: wastani wa marejesho yao kila siku, kisha regresheni moja. Mabaki ya kapu yanabeba korilesheni hiyo yenyewe. Kwa R ni hivi: r ni marejesho ya kapu, rm ya soko, kabla ni siku -250 hadi -30, tukio ni siku -1 hadi +1.

```r
m  <- lm(r ~ rm, data = kabla)
ar <- tukio$r - predict(m, tukio)
t  <- sum(ar) / (sigma(m) * sqrt(length(ar)))
```

MASWALI

– Mkuu, nina kampuni 35, t 2.6. Nimemaliza?
Tarehe ni moja au tofauti?

– Moja.
Soma hatua ya 4.

– Nikipanua dirisha hadi siku 61 si nitanasa athari yote?
Swali zuri. Kosa sanifu hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya siku: kapu letu lina 0.88% kwa siku, kwa siku 61 ni karibu 6.9%. Ile 1.8% inazama humo. Panua tu ukiwa na sababu, mfano habari kuvuja mapema.

– Kwa nini uishie -30, usifike -1?
Habari ikivuja, kupanda kwa bei kutaingia kwenye alfa, ile sehemu isiyobadilika ya regresheni, nawe utakuja kudhani kupanda huko ni "kawaida".

– Hisa zangu nyingine hukaa siku kadhaa bila kuuzwa.
Basi beta ya kila moja, yaani kiasi inavyofuata soko, itatoka ndogo kuliko ilivyo. Ongeza marejesho ya soko ya jana na ya kesho kwenye regresheni, ujumlishe beta tatu. Ikiwa bei haikusogea kabisa siku -1 hadi +1 kwa kukosa wauzaji na wanunuzi, hiyo hisa haina cha kukuambia. Itoe, na useme umeitoa.