Usiiache nje safu ya sifuri

Ukitafuta wastani wa watoto kwa kaya kutoka kwenye jedwali la marudio, chunga sana safu ya sifuri. Tuseme umepita kaya 20 na vijiti vyako vinasema: kaya 3 hazina mtoto, 4 zina mtoto 1, 6 zina 2, 5 zina 3, na 2 zina 4. Zidisha kila idadi ya watoto kwa marudio yake: 0, 4, 12, 15, 8. Jumla ni watoto 39. Gawanya kwa kaya 20, upate 1.95.

Wapo wanaogawanya kwa 5 kwa kuwa safu ni tano. Hilo hujifichua lenyewe: 7.8, wakati hakuna kaya yenye watoto zaidi ya 4. Hatari ni zile kaya 3. Kwa kuwa zao la safu yao ni 0, mtu huiruka, kisha anagawanya kwa 17 na kupata karibu 2.29, jibu linaloonekana sawa kabisa. Kwa hiyo jumlisha marudio kwanza, uhakikishe yanafika 20, ndipo uanze kuzidisha.